Mtoto akikuambia "Walinipiga": namna ya kumsikiliza na kuandika bila kumwekea maneno mdomoni

Muhula huu nimeletewa ripoti tatu za uonevu zilizoandikwa na walimu wa madarasa ya chini, na zote zina ugonjwa mmoja. Ukizisoma unamsikia mwalimu, mtoto humsikii. Mwalimu ameuliza "Ni wale wavulana wa P5 tena?", mtoto amejibu "ndiyo", na ripoti inasema mtoto amewataja wavulana wa P5. Kumbe aliyewataja ni mwalimu.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa miaka mitano hadi minane, yaani P1 hadi P3, anayekuja kulalamika kwamba mwenzake anamwonea. Ninaandika nikiwa mwalimu mlezi wa kike katika shule ya msingi wilayani Isingiro, Uganda, ambako watoto wengi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale wanaongea Kiswahili cha Kongo nyumbani, Kinyankole sokoni, na Kiingereza mbele ya ubao.

Nitatumia kisa kimoja mwanzo hadi mwisho. Mtoto ni wa P2, ana miaka saba, nitamwita Kadogo. Kilitokea katika shule niliyofundisha zamani, na makosa ya mwanzo yalikuwa yangu.

## Vya kuandaa kabla

- Kauntabuku moja ya kazi hii tu. Karatasi za kuchana hupotea, na daftari la mahudhurio hushikwa na kila mtu.
- Kalamu ya wino. Penseli hufutika, na maandishi yaliyofutwa hayaaminiki.
- Saa ya mkononi au simu iliyozimwa mlio.
- Viti viwili vya kimo kimoja, au mkeka. Mtoto asikutazame kwa kuinua shingo.
- Mahali panapoonekana lakini pasiposikika: ukumbini mwa darasa tupu, au chini ya mti ulio mbali na bomba. Usijifungie naye chumbani, na usimpeleke ofisi ya walimu.
- Maji ya kunywa.

Kisha kuna kimoja cha kuondoa. Kama kuna fimbo juu ya meza yako, itoe. Najua sheria ilikataza viboko shuleni mwaka 2016, na najua pia fimbo zilizobaki nyuma ya milango. Mtoto akiiona atatafuta jibu la kumwokoa na fimbo, na jibu hilo huenda lisiwe lile la kweli.

## 1. Dakika ya kwanza: pokea, usiulize

Kadogo alinifuata wakati wa uji akiwa na vumbi kwenye goti. Alisema: "Mwalimu, balinipiga," yaani walinipiga.

Papo hapo fanya mambo mawili. Tazama kama ameumia, na kama ameumia, huduma ya kwanza inatangulia kila kitu. Halafu mwambie: "Asante kwa kuniambia. Nitakusikiliza vizuri baada ya uji." Akienda kunywa uji, andika maneno yake ya kwanza kama alivyoyatoa, pamoja na saa.

Maneno ya kwanza yana thamani kuliko yote yatakayofuata, kwa sababu hakuna aliyeyachochea. Mimi siku ile sikuyaandika. Nilimuuliza palepale, mbele ya wenzake waliobeba vikombe: "Nani? Wale wavulana wa P5?" Akaitikia kwa kichwa. Wavulana wawili wakaitwa, wakakemewa mbele ya darasa. Nitakuambia baadaye nani alikuwa amempiga.

Mazungumzo yenyewe yafanyike siku hiyohiyo, mtoto akiwa ameshiba. Usimnyime mchezo wala chakula ili umhoji. Ataona ameadhibiwa kwa kusema.

## 2. Chagua lugha na msikilizaji mmoja

Mtoto azungumze lugha inayomtoka bila kufikiri. Kama wewe huijui, tafuta mtu mzima anayeijua: mwalimu msaidizi, au mpishi mnayemwamini. Usimtumie mwanafunzi mkubwa, na usimtumie dada yake. Mwanafunzi mkubwa huenda ni rafiki wa mshitakiwa, na dada atajaza mapengo kwa yale aliyosikia nyumbani. Mwambie mkalimani atafsiri neno kwa neno, asipambe wala asifupishe, na jina lake liingie kwenye kumbukumbu.

Msikilizaji awe mmoja na mazungumzo yawe mara moja. Mtoto akihojiwa na mwalimu wa zamu, kisha wa darasa, kisha mkuu wa shule, anafikiri jibu lake la kwanza lilikuwa baya, basi analibadilisha. Watu wazima husema "anadanganya, kila mara anasema tofauti," kumbe ni wao waliomfundisha kubadilisha.

## 3. Ufunguzi wa dakika tano

Hatua hii walimu huiruka, nao hulipia baadaye. Mtoto wetu amezoea kwamba mwalimu akiuliza, jibu analo tayari, na "sijui" ni kosa. Lazima uigeuze kawaida hiyo kabla ya kuanza.

Mwambie kwa maneno mepesi: "Mimi sikuwepo, kwa hiyo sijui kilichotokea. Kama hujui jibu, sema sijui. Nikikosea, nirekebishe." Kisha jaribu, maana kuambiwa tu hakutoshi:

"Nyumbani kwangu kuna paka. Anaitwaje?"

Akibahatisha jina, mrudishe kwa upole: "Umewahi kumwona paka wangu? Basi hapo unasema sijui." Jaribu na kosa pia: "Nikisema una miaka kumi na mbili, utaniambia nini?" Akicheka na kusema ana saba, umefika.

Sasa mfanyishe zoezi la kusimulia jambo lisilo na uzito: "Nieleze yote uliyofanya leo, tangu kuamka hadi kuingia darasani." Msikilize bila kumkata. Hapa anajifunza kwamba wewe unataka hadithi ndefu, nawe unajifunza kipimo chake. Mtoto anayesimulia asubuhi yake kwa sentensi mbili usimtarajie asimulie kupigwa kwa kumi.

Mwambie pia kuhusu daftari: "Nitaandika maneno yako ili nisiyasahau." Usimwahidi siri. Sema: "Nikihitaji kuwaambia watu wazima wengine ili usiumizwe, nitakuambia ni nani."

## 4. Fungua mlango, halafu nyamaza

Swali kuu kwa kweli si swali: "Asubuhi ulikuja kwangu ukasema 'balinipiga'. Nieleze yote yaliyotokea, tangu mwanzo hadi mwisho."

Umemrudishia neno lake mwenyewe. Hukusema "uonevu", hukusema "wavulana", hukusema "ulipigwa wapi". Kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ukimya huo unamkera mtu mzima kuliko mtoto. Yeye anatafuta kumbukumbu, na ukiuliza kabla hajaipata, umemfungia.

Haya ndiyo mazungumzo niliyofanya na Kadogo siku mbili baadaye, baada ya mama yake kuja kuniambia kwamba mtoto bado anarudi na njaa:

Mimi: Nieleze yote, tangu mwanzo hadi mwisho.
Kadogo: Balinipiga ku bomba. Balibeba kikombe yangu.
(kimya)
Mimi: Kisha?
Kadogo: Nikalia. Uji ikaisha.
Mimi: Umesema ku bomba. Nieleze zaidi ya hapo ku bomba.
Kadogo: Nilikuwa naosha kikombe. Akakuja, akanisukuma, nikaanguka. Akasema "lete".
Mimi: Umesema "akakuja". Niambie juu ya huyo aliyekuja.
Kadogo: Yule mkubwa. Anakaaka karibu na kwetu. Ana gauni imepasuka huku.

Soma tena. "Balinipiga" imekuwa "akakuja". Huku kwetu mtoto husema "walinipiga" hata aliyempiga akiwa mmoja. Wingi ule unamaanisha tu kwamba amepigwa. Mwalimu anayedaka na kuuliza "Walikuwa wangapi?" anamlazimisha mtoto atafute idadi, naye atakupa watatu, kwa sababu wewe ndiwe uliyesema walikuwa wengi.

Na gauni je? Kiswahili hakitofautishi mwanamke na mwanamume katika "alinisukuma". Mimi nilikuwa nimemvisha yule mpigaji kaptura kichwani mwangu kwa siku mbili nzima. Alikuwa msichana wa P4.

Chombo chako kikuu hapa ni kimoja: shika neno alilolitaja, mrudishie, omba zaidi. "Umesema bomba, nieleze zaidi." "Umesema akanisukuma, nieleze alivyokusukuma." "Kisha ikawaje?" Ukiwa na hayo matatu utafika mbali kuliko mwenye orodha ya maswali ishirini.

Uso wako nao unauliza. Ukishtuka na kusema "Masikini mwanangu!" ataongeza chumvi akupendeze, au atapunguza akuhurumie. Itikia kwa "mm" na "ehe" tu, kwa sauti ileile kwa kila jibu.

Utajua umefaulu ukitazama daftari: sentensi za mtoto ni ndefu kuliko zako.

## 5. Maswali ya kuziba mapengo, kwa mpangilio

Akimaliza kabisa, ndipo uulize yaliyobaki. Anza na "nani", "wapi", "nini". Maswali ya ndiyo au hapana yabaki mwisho, na kila moja ulifuatishe na ombi la kueleza. Kadogo nilimuuliza: "Kulikuwa na mtu mwingine hapo?" Akasema ndiyo. Ningeishia hapo ningeandika "walimpiga wawili". Nikaendelea: "Nieleze juu ya huyo." Akasema: "Bengine baliangalia tu."

Mambo manne yanahitaji uangalifu wake.

Wakati. Kwa mtoto wa miaka saba, "jana" ni siku yoyote iliyopita. Usimuulize tarehe. Muulize tukio: "Kabla ya kwenda bomba, ulikuwa umefanya nini?" Kadogo alisema walikuwa wameimba mbele ya bendera, na gwaride letu lilikuwa Jumatatu na Ijumaa. Nikaongeza: "Ulipofika nyumbani siku hiyo, kesho yake ulikuja shule?" Akasema ndiyo, wakasoma. Basi ilikuwa Jumatatu.

Mara ngapi. Usiombe idadi. Uliza: "Ilitokea mara moja, au zaidi ya mara moja?" Akisema zaidi, omba mara ya mwisho, kisha mara anayoikumbuka sana, kila moja peke yake. Ukizichanganya, utapata kisa kimoja kilichoshonwa kwa viraka.

Mwili. "Mkono" kwetu unaanzia begani hadi vidoleni, na "mguu" vilevile. Mwambie akuonyeshe kwa kidole juu ya mwili wake, mahali asipohitaji kuvua nguo. Wewe usimguse wala usimpapase.

Sababu. Usiulize "Kwa nini alikupiga?" wala "Kwa nini hukusema mapema?" Swali la kwanza hawezi kulijua, na la pili anasikia lawama. Badala yake: "Alisema nini?" na "Ulimwambia nani, au hukumwambia mtu?"

Usirudie swali ambalo amelijibu. Ukihitaji kuhakikisha, sema: "Nataka nione kama nimeandika sawa," kisha msomee maneno yake. Na usimpange mshitakiwa mstarini ili amwonyeshe kwa kidole. Maelezo yake na daftari la mahudhurio vinatosha kumpata.

## 6. Pale unapoacha kuuliza

Wakati mwingine malalamiko ya kikombe yanafungua jambo jingine. Mtoto anasema "ananichezea", au "ananifanyia tabia mbaya". Neno la kwanza linaweza kuwa utani wa kumvuta nywele, na linaweza kuwa kuguswa sehemu za siri. La pili, kwa watoto wengi, ni la sehemu za siri moja kwa moja.

Uliza sentensi moja tu: "Umesema anakuchezea. Nieleze anavyokuchezea." Jibu likielekea kwenye mwili, au kwenye kisu, kukabwa shingo au mtu mzima anayemuumiza nyumbani, simama. Andika alichosema, mshukuru, usichimbe zaidi. Uchunguzi huo si wako, na kila swali la ziada litamtesa mtoto na kuharibu ushahidi.

Hapo mjulishe mkuu wa shule, isipokuwa kama anayetajwa ni yeye. Kisha kitengo cha polisi cha watoto na familia, au afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Simu ya bure ya watoto, Sauti 116, itakuelekeza kama hujui pa kuanzia. Sheria ya Watoto inamtaja mwalimu kati ya watu wanaolazimika kutoa taarifa wakiwa na sababu ya kuamini mtoto anadhulumiwa, kwa hiyo "tumemalizana na wazazi" haikutoi wewe kwenye wajibu. Kama ameingiliwa, asiogeshwe na nguo zisifuliwe, na afike kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kuzuia HIV lazima zianzwe ndani ya saa 72.

## 7. Funga vizuri

Muulize: "Kuna kitu kingine ulitaka kuniambia?" Kisha: "Kuna kitu unataka kuniuliza?" Kadogo aliuliza kama atapata kikombe chake.

Mwambie kitakachofuata kwa kadiri unavyokijua kweli. "Leo nitaongea na mwalimu wa P4. Kesho wakati wa uji utasimama karibu na mpishi." Usiseme "hatakugusa tena", maana huna uwezo wa kulitimiza. Malizia na jambo jepesi, wimbo au mpira, ili asirudi darasani na machozi. Yote, tangu paka hadi wimbo, yasizidi nusu saa. Akianza kuchezea kiatu na kujibu "mm" kwa kila kitu, amechoka, nawe umemaliza.

## 8. Andika kabla kengele haijalia

Wakati wa mazungumzo andika maneno yake tu. Kumbukumbu kamili iandike mara akiondoka, kabla hujaongea na mwalimu yeyote, kwa sababu ukishaisimulia ofisini utaanza kukumbuka masimulizi yako badala ya yake.

Kumbukumbu ya Kadogo, kwa sehemu:

> Jumatano. Kuanza saa 5:10 asubuhi (11:10), kwisha 5:35 (11:35). Ukumbini mwa P2. Tuliokuwepo: mtoto na mimi. Lugha: Kiswahili.
>
> S: Nieleze yote, tangu mwanzo hadi mwisho.
> J: "Balinipiga ku bomba. Balibeba kikombe yangu."
> S: Kisha?
> J: "Nikalia. Uji ikaisha."
>
> Nilichoona: mchubuko goti la kulia, upana kama sarafu, umeanza kukauka. Alipotaja bomba alitazama chini na kuongea polepole.
>
> Maoni yangu (si maneno ya mtoto): huenda mpigaji ni mmoja, kwa kuwa alihama kutoka "balinipiga" kwenda "akakuja".

Angalia mambo machache hapo. Swali limeandikwa pamoja na jibu, ili msomaji aone kama mtoto alisukumwa. Kiswahili chake hakikusahihishwa. Ningeandika "walinipiga bombani wakachukua kikombe changu" ningekuwa nimeandika yangu. Tafsiri ya Kiingereza, mkuu akiitaka, iende ukurasa mwingine, ya asili ibaki ilivyo.

Saa imeandikwa kwa njia mbili. Nimeona "saa nne" ikitafsiriwa kuwa saa kumi jioni, na mshitakiwa akaonekana hana hatia kwa kuwa jioni hiyo alikuwa amekwisha kwenda nyumbani.

Ulichoona kimetengwa na unachofikiri. "Alitazama chini" inaonekana, "alikuwa na hofu" ni maoni. Ukikosea neno, lipige mstari mmoja unaosomeka bado, weka sahihi, endelea. Usifute wala usichane ukurasa.

Mwisho tia sahihi, tarehe na jina lako. Daftari lifungiwe kabatini, na wanaolisoma wawe wawili au watatu mnaowajua. Msichana wa P4 naye asikilizwe kwa utaratibu huuhuu, peke yake, kwenye ukurasa wake. Yule wetu, alipoulizwa, alisema hana kikombe chake na mpishi hampimii uji asiye nacho.

## Akirudi na jambo jipya

Kesho yake Kadogo alinijia akasema: "Nilisahau. Alinifinya pia." Usirudi kwenye ukurasa wa jana kuongeza. Fungua mpya, andika tarehe, saa na maneno yake, na andika kwamba alikuja mwenyewe bila kuitwa. Usimuulize kwa nini hakusema jana.

Wale wavulana wawili wa P5 niliwaomba msamaha mbele ya darasa lilelile walilokemewa.